Dawa ya pua inayoziba pua

Wadau, leo tuiache siasa ipumzike kidogo, tuzungumze kuhusu pua. Nataka tuangalie historia ya kile kichupa kidogo cha kupuliza puani ambacho wengi wetu tunakinunua duka la dawa mafua yakitubana. Kichupa hicho hufungua pua ndani ya dakika chache, na hapo hakuna ubishi. Lakini ukikitumia kwa muda mrefu, huwa chenyewe ndicho kinachoziba pua. Madaktari walianza kuliona hilo tangu enzi za babu zetu, na bado watu wananaswa kila mwaka.

Tuanze na jinsi pua inavyoziba. Wengi tunadhani ni makamasi. Makamasi yapo, lakini kizuizi kikubwa mara nyingi ni damu. Pembeni mwa kila tundu la pua, kwa ndani, kuna nyama zilizojikunja, na ndani yake kuna mishipa midogo inayoweza kujaa damu ikavimba kama sifongo kilicholowa. Ukipata mafua, mishipa hiyo hujaa, nyama huvimba, na njia ya hewa hubaki nyembamba. Ndiyo maana unaweza kupenga mpaka masikio yakaziba na hewa isipite. Dawa ya kupuliza haigusi virusi vya mafua hata kidogo. Inachofanya ni kuiga amri ambayo mwili wenyewe huitoa kuiambia mishipa ijibane. Mishipa ikijibana, damu huondoka, nyama hunywea na hewa hupita.

Dawa ya kwanza ya aina hii kupata umaarufu mkubwa ilitoka kwenye mmea ambao Wachina waliutumia kama dawa kwa karne nyingi, mmea uitwao ma huang. Mwaka 1885 mwanakemia wa Kijapani, Nagai Nagayoshi, alitoa ndani yake kitu kinachoitwa efedrini. Miaka ya 1920, K. K. Chen na Carl Schmidt, wakiwa Peking, walionyesha kwamba efedrini inafanya kazi inayofanana na ya adrenalini. Baada ya hapo efedrini ikaenea Ulaya na Marekani, na matone ya puani yakawa moja ya matumizi yake. Haikuchukua muda. Mwaka 1931 daktari mmoja wa Marekani aliyeitwa Fox aliandika kuhusu madhara ya kutumia adrenalini na efedrini puani kwa muda mrefu.

Onyo halikuzuia biashara. Miaka ya 1940 ilikuja nafazolini, dawa ya kampuni ya Ciba ya Uswisi, iliyouzwa kwa jina la Privine. Hii ilikuwa na nguvu zaidi, na watu waliipenda. Mwaka 1945 madaktari wawili, Feinberg na Friedlaender, waliripoti kuhusu wagonjwa ambao pua zao ziliziba kwa sababu ya kuitumia Privine mara kwa mara. Mwaka uliofuata, 1946, daktari Lake aliupa ugonjwa huo jina la Kilatini ambalo tafsiri yake ni uvimbe wa pua unaoletwa na dawa. Jina hilo linatumika hadi leo.

Hapa ndipo hadithi inapojirudia. Baadaye Ciba ilitoa ksilometazolini, na mwaka 1961 kampuni ya Merck ya Darmstadt, Ujerumani, ikatengeneza oksimetazolini, ambayo puliza moja inaweza kufungua pua hadi saa 12. Hizi mbili ndizo utakazozikuta kwenye maandishi ya vichupa vingi leo. Kwa kuwa ziliwasha pua kidogo na zilidumu muda mrefu, matumaini yalikuwa kwamba tatizo la Privine limekwisha. Halikuisha.

Ugumu wa kuthibitisha ulikuwa huu: mtu anayetumia dawa ya pua tayari ana pua mbovu, sasa utajuaje kama uvimbe umeletwa na dawa au na ugonjwa wake wa zamani? Miaka ya 1990 daktari Peter Graf na wenzake wa Uswidi walitumia njia rahisi. Waliwachukua watu wenye pua nzima kabisa, wakawapa oksimetazolini mara tatu kwa siku kwa siku 30, wakapima unene wa nyama za ndani ya pua. Baada ya siku kumi uvimbe wa kurudi haukuonekana. Baada ya siku 30 ulikuwepo. Watu waliokuja wakiwa wazima sasa pua zao zilikuwa zinaziba, na hawakuwa na ugonjwa mwingine wa kusingizia.

Kwa nini inatokea? Mishipa ikipigiwa kelele ileile kila siku, huanza kutosikia. Vipokezi vinavyopokea amri ya kujibana hupungua na kuchoka, na mwili nao hupunguza kutoa amri yake wenyewe, maana kuna mtu wa nje anayeifanya kazi hiyo. Dawa ikiisha nguvu, mishipa hubaki bila msimamizi, ikajaa damu kuliko mwanzo.

Tuchukue mfano. Dada mmoja amepata mafua, anapuliza usiku na analala vizuri mpaka asubuhi. Siku ya tatu au ya nne mafua yanakaribia kwisha, lakini usiku pua bado nzito, anaendelea. Wiki ya tatu puliza ileile inadumu saa nne tu. Mwezi wa pili kichupa kimoja kipo kwenye mkoba na kingine chini ya mto. Hapigi chafya, haumwi koo, haoni makamasi ya maana, ila pua imeziba pande zote mbili mpaka apulize. Akijiangalia anaona kwamba mafua yamegoma kupona. Ukweli ni kwamba mafua yalipona wiki ya kwanza.

Sasa kikomo ni siku ngapi? Hapa wataalamu hawajakubaliana. Baadhi ya majaribio ya wiki nne hayakuona uvimbe wa kurudi kabisa. Ndiyo maana ushauri unatofautiana, kuanzia siku tatu hadi siku saba. Ila aliyewahi kunaswa akapona hunaswa tena haraka kuliko mwanzo.

Habari njema ni kwamba njia ya kutoka ipo. Kuacha dawa ndiyo tiba yenyewe, na kwa wengi pua hutulia ndani ya wiki moja au mbili, ingawa siku za mwanzo ni ngumu. Wengine huacha tundu moja kwanza, likifunguka wanaacha la pili. Madaktari wengi huongeza dawa ya kupuliza yenye steroidi, ambayo ni aina tofauti. Mwaka 2010 watafiti wa Dundee, Uskochi, waliwapa watu wazima wa afya oksimetazolini kwa siku 14 mpaka uvimbe ukarudi, kisha wakawaongezea flutikasoni, na siku tatu baadaye uvimbe ulikuwa umeondoka. Kama baada ya wiki kadhaa bila dawa pua bado imeziba, basi kuna jambo jingine, mfano mzio au ukuta wa pua uliopinda, na hilo ni la daktari wa pua.

Kwa hiyo ukikifungua kichupa, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Na siku daktari akikuuliza dawa unazotumia, kitaje na hicho. Wengi hawakitaji, kwa sababu hawakihesabu kuwa ni dawa.

Nawasilisha.