Kimya cha watawa wa Mokoto

Wengi hudhani watawa Watrapisti wa Mokoto, kule Masisi, waliapa kutosema kamwe. Hapana. Nadhiri zao ni utii, kugeuza mwenendo na kudumu katika jumuiya moja. Kunyamaza ni desturi ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto: mchana maneno machache, na baada ya sala ya mwisho ya usiku, kimya kabisa. Hufundishwa kwamba anayefunga mdomo husikia hasira na woga vilivyofichwa na maneno yake. Lakini mgeni lazima apokewe.

Monasteri ilianzishwa mwaka 1954. Mei 1996 wakimbizi waliojificha humo walishambuliwa, wengi wakauawa. Watawa nao wakakimbilia Goma. Nyumba waliiacha; kimya walikibeba.