Dharura na udhuru katika ombi la kupangiwa upya usaili

Likasi ni mji wa viwanda vya shaba, ule uliokuwa ukiitwa Jadotville hadi 1966, na karatasi za kazi huko huandikwa kwa Kifaransa. Lakini mtu akipatwa na jambo usiku wa kuamkia usaili, ujumbe wa simu huutunga kwa Kiswahili, huku maneno ya Kifaransa yakiingia yenyewe. Neno linaloniletea wasiwasi zaidi kati ya hayo ni kureporte. Kwa watu wa Likasi na Lubumbashi maana yake ni kusogeza siku mbele. Akilisoma ofisa wa kampuni aliyetoka Dar es Salaam au Nairobi, ataliona kuwa ni kuripoti, yaani kufika mahali na kujitambulisha. Basi anayeomba asiende atasomwa kama anayesema anakuja.

Kiswahili kina kuahirisha, nalo ni neno zuri, ila lina mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, kuahirisha kunasukuma tu: jambo limetoka siku yake na halijapewa siku nyingine. Pili, mwenye kuahirisha ni mwenye shughuli. Matangazo ya kazi Tanzania husema usaili umeahirishwa pale mwajiri anapouondoa. Mwombaji akiandika "nimeahirisha usaili" amejitwalia amri isiyo yake, na akiandika "nimeghairi" ndiyo kabisa amejitoa, kwa sababu kughairi ni kubadili nia. Ninachopendekeza ni kupangiwa upya. Kauli hiyo ya kutendewa inamwachia mwajiri kalenda yake, na neno "upya" linadai siku nyingine. Usaili wenyewe naubakiza hivyo hivyo. Wakenya wengi husema mahojiano, ila neno hilo hutumika pia kwa redio na kwa polisi.

Sasa sababu. Wengi huandika "nina udhuru wa kifamilia", na hapo ndipo ombi linapopungua nguvu. Udhuru ni sababu ya kutofika, iwe kubwa au ndogo: harusi ya binamu ni udhuru, na kikao cha ukoo ni udhuru. Dharura ni jambo lililoangukia watu bila kupangwa na lisiloweza kungoja. Yote mawili yametoka Kiarabu, la kwanza likiwa na maana ya kisingizio kinachokubalika, la pili likiwa na maana ya jambo la lazima. Mtu mwenye udhuru huomba kusamehewa. Mwenye dharura anaeleza kwamba mwili wake hauwezi kuwa mahali pawili. Nasema "ya kifamilia" kwa sababu dharura peke yake inaweza kuwa chumba cha hospitali, na hali ya dharura ni amri ya serikali.

Hata hivyo "dharura ya kifamilia" ni jina la jalada tu. Ofisa ameshaisoma mara nyingi, na anayetunga uongo huiandika hivyo hivyo. Kinachoipa uzito ni kitenzi kimoja kinachosema kwa nini mwombaji anahitajika pale. Kiswahili kinavyo viwili vilivyo tayari: kufiwa na kuuguza. "Nimefiwa" inamtaja aliyeachwa. "Ninauguza" ni kukaa kitandani pa mgonjwa kama ndugu, kununua dawa, kuleta chakula, kulala kwenye mkeka. Katika hospitali za Kongo kazi hiyo hufanywa na jamaa, na mgonjwa asiye na jamaa wa kumuuguza huteseka. Kila mkaazi wa Likasi anajua hivyo. Kwa hiyo "ninamuuguza mama" inatosha bila kutaja ugonjwa, ambao si wa mwombaji kuutangaza.

Tuchukue mfano wa kutunga. Fundi umeme wa Kikula ameitwa Lubumbashi, mwendo wa kilomita 120 hivi, Alhamisi. Jumatano usiku mama yake analazwa. Anaandika usiku ule ule, kwa namba iliyomwita:

"Jambo Mama. Mimi ni yule fundi umeme mliyenipangia usaili kesho Alhamisi, 9:00 asubuhi. Nina dharura ya kifamilia: mama yangu mzazi amelazwa usiku huu hapa Likasi, na mimi ndiye ninayemuuguza. Hakuna wa kunipokea hadi dada yangu afike Jumamosi. Naomba nipangiwe siku nyingine. Kuanzia Jumatatu naweza kuja saa yoyote mtakayonipa. Kazi hii bado naitaka. Samahani kwa usumbufu."

Chini anaandika jina lake kamili kama lilivyo kwenye barua ya maombi. "Hakuna wa kunipokea hadi dada yangu afike Jumamosi" ndiyo sentensi iliyobeba ombi lote, kwa kuwa inaonyesha dharura ina mwisho. Bila hiyo ofisa hajui kama wiki ijayo itakuwa tofauti. "Kazi hii bado naitaka" inaweza kuonekana ya ziada, lakini ndiyo inayozuia ujumbe usisomwe kama kujitoa kwa adabu. Na saa ameiandika kwa tarakimu za ofisi, kwa sababu saa tatu ya mtu wa pwani na saa tisa ya Mfaransa ni wakati mmoja. Usaili ukiwa wa simu na Kinshasa, aongeze "saa za Lubumbashi", maana Kinshasa iko nyuma kwa saa moja.

Neno "mzazi" baada ya "mama" halikuwekwa kwa pambo. Kwa Kiswahili ndugu wa kiume wa baba ni baba, na dada wa mama ni mama. Mwombaji akiandika "baba amefariki", akimaanisha baba mdogo aliyemlea, amesema kweli kwa lugha yake. Mwezi unaofuata anajaza fomu ya wanafamilia na baba yumo, yu hai, na ofisa anakumbuka. Afadhali kuandika "baba mdogo, aliyenilea". Aina ya undugu ina uzito pia kisheria: Sheria ya Kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inampa mfanyakazi siku 4 za kazi akifiwa na mwenzi wa ndoa au ndugu wa daraja la kwanza, kama mzazi au mtoto, na siku 2 kwa daraja la pili, kama kaka, dada au babu. Mjomba ni daraja la tatu, na hayumo. Lakini kwa Wabemba na Walamba, ambao ukoo wao hupitia kwa mama, kifo cha mjomba kinaweza kumweka mtu mbele ya kilio chote. Dharura hiyo ni ya kweli, ila ofisa aliyezoea orodha ya sheria haioni mpaka aelezwe: "mjomba, na mimi ndiye mkubwa wa msiba".

Tena siku hizo ni za aliyeajiriwa. Mwombaji bado si mfanyakazi, kwa hiyo ameomba hisani, na neno "naomba" lina kazi yake. Cheti cha hospitali au cha kifo asikitume usiku huo. Kikihitajika ataulizwa, naye atakuwa nacho.

Upande wa ofisi kuna neno moja la kurekebisha. Orodha za usaili huwa na safu ya waliofika na wasiofika, na aliyeandika kabla ya saa yake huingizwa humo humo kama "hakufika". Aandikwe "amepangiwa upya", na mbele yake tarehe.