Watu Laki Nane Waliopotea Kinondoni

Ukiisoma sensa haraka haraka utashtuka. Mwaka 2012 Wilaya ya Kinondoni ilikuwa na watu 1,775,049. Mwaka 2022 ikawa na 982,328. Karibu laki nane wamekwenda wapi? Hawajaenda popote. Katikati ya sensa hizo mbili Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni ikamegwa kutoka Temeke. Sensa ya kwanza ilihesabu wilaya tatu za Dar es Salaam, ya pili ikahesabu tano.

Anayeandika historia ya vitongoji hivi humaliza jambo hilo kwa tanbihi moja chini ya jedwali, na kwenye karatasi inatosha. Kazi huanza mswada unapopelekwa mtandaoni, maana hapo tanbihi na jedwali ndivyo vya kwanza kuumia.

Sababu ni ya kihistoria. Ukurasa wa kitabu una mwisho wake chini. Ukurasa wa mtandao hauna, unashuka tu. Rasimu ya HTML 3.0 ya mwaka 1995 ilipendekeza alama maalumu ya tanbihi, `<fn>`, lakini rasimu ile ikafa na alama ikafa nayo. Majedwali yalibahatika zaidi, yakaingia rasmi katika HTML 3.2 mwezi Januari 1997. Kwa hiyo mpaka leo tanbihi ya HTML ni ya kujiundia: kiungo kimoja cha kushuka kwenye maelezo, kingine cha kurudi ulipokuwa.

Word inapohifadhi mswada kama ukurasa wa wavuti hukuundia viungo hivyo yenyewe, ikiviita `_ftn1`, `_ftnref1` na kuendelea. Sawa kabisa, hadi pale unapounganisha sura mbili zilizohifadhiwa mbalimbali. Sasa kuna `_ftn1` mbili, na kivinjari humpeleka msomaji kwenye ile ya kwanza. Anabofya namba iliyo kando ya Kinondoni, anaangukia maelezo ya sura nyingine. Hakuna onyo lolote, na kwa macho ukurasa unapendeza. Dawa ni kuipa kila sura jina lake: `s2-n1` kwa tanbihi ya kwanza ya sura ya pili, `s2-r1` kwa mahali pa kurudi.

Jedwali lenyewe lina mtego mkubwa zaidi. Tuseme lina safu nne: wilaya ya 2012, watu wake, wilaya ya 2022, watu wake. Kinondoni ya zamani inapaswa kukaa mbele ya mistari miwili, kwa kuwa ilizaa wilaya mbili:

```
<tr>
  <td rowspan="2">Kinondoni</td>
  <td rowspan="2">1,775,049
    <a href="#s2-n1" id="s2-r1">1</a></td>
  <td>Kinondoni</td>
  <td>982,328</td>
</tr>
<tr>
  <td>Ubungo</td>
  <td>1,086,912</td>
</tr>
```

Tazama mstari wa pili: una visanduku viwili tu. Ni `rowspan` inayovishikilia upande wa kulia. Mifumo mingine ya kuchapishia, ukibandika maandishi, husafisha alama isizozipenda, na `rowspan` ikifutwa Ubungo inateleza kushoto, inakaa chini ya 2012. Kumbe tumeandika kwamba kulikuwa na wilaya ambayo haikuwapo!

Vichwa vya habari vina shida ndogo zaidi. Wengi wetu tunakoleza wino na kukuza herufi, basi, tunaona tumeweka kichwa. Kigeuzi kinaona aya iliyokolezwa tu, na orodha ya yaliyomo inatoka tupu. Tumia `Heading 1` na `Heading 2` ndani ya Word kabla ya kugeuza chochote.

Je, XML? Kwa makala moja ni mzigo, kwa maoni yangu. Kwa kitabu ni habari nyingine. Mradi wa TEI, ulioanza 1987, una alama ya `<note>` ambayo huweka maelezo palepale yanapohusika, ndani ya sentensi au kisanduku. Namba na viungo vinatengenezwa baadaye, HTML inapozalishwa. Ukihamisha aya, tanbihi inahama nayo.

Na kwa jedwali hili kuna kipimo kisichohitaji utaalamu wa kompyuta. Jumlisha safu kama zinavyoonekana kwenye skrini. Ilala ilikuwa na 1,220,611 mwaka 2012 na 1,649,912 mwaka 2022, Temeke 1,368,881, kisha 1,346,674, Kigamboni 317,902. Jedwali zima litakupa 4,364,541 kwa 2012 na 5,383,728 kwa 2022, ambazo ndizo jumla za mkoa. Ubungo na Kigamboni zikiwa zimeteleza, utapata 5,769,355 na 3,978,914, yaani Dar es Salaam iliyopungua watu ndani ya miaka kumi.