Laini ya Saudia kwa mwenda umra: kusajili kwa pasipoti, na siku inapokatwa

Mahujaji wetu wa umra wanaporudi Mombasa, Lamu au Malindi, malalamiko huanza baada ya miezi miwili mitatu. Mtu anafungua WhatsApp yake inamwambia aandikishe namba upya, na ujumbe wa siri unatumwa kwa namba ya Saudia ambayo haipo tena. Picha za Makka, makundi ya ukoo na mazungumzo ya biashara vimefungiwa nyuma ya laini iliyokatwa. Wengi hudhani wameibiwa. Ukweli ni kwamba laini ya mgeni Saudia hufungwa pamoja na viza yake, na viza ikisha, laini nayo haina pa kusimama.

Makala haya yanaeleza jinsi mgeni anavyosajili laini kwa pasipoti, na nini hutokea muda unapomalizika.

Namba ya mpaka ndiyo kitambulisho chako

Mkenya akinunua laini nyumbani husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa. Mgeni Saudia hana kitambulisho hicho, wala hana ikama ambayo wafanyakazi wa kigeni hupewa. Kinachomtambulisha ni namba ya mpaka. Ni namba ya tarakimu kumi anayopewa na idara ya pasipoti anapoingia, pale anapopigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole.

Mwenye duka la laini huchukua pasipoti yako, huingiza namba yake na nchi yako, na mtambo humletea rekodi ya kuingia kwako: viza ya aina gani na ina muda gani. Kisha anakuwekea kifaa kidogo uweke kidole. Sharti hili la kidole lilianza Januari 2016, na lengo lake ni kuhakikisha kuwa aliyeshika pasipoti ndiye aliyepita mpakani. Alama ikilingana, laini huwashwa, na ujumbe wa kukaribishwa huingia kwenye simu baada ya dakika chache.

Kampuni kubwa ni tatu: STC, Mobily na Zain. Zote zina meza katika uwanja wa ndege wa Jida na maduka katika miji ya Makka na Madina. Namba utakayopewa huanza na 05, na anayekupigia kutoka Kenya huondoa ile sifuri na kutanguliza +966.

Hapa pana mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni vidole vya wazee. Mama aliyefua, kupika na kukuna nazi miaka sitini alama zake huwa zimefifia, na kifaa humkataa. Asifadhaike. Afute kidole kikauke au, kikiwa kikavu mno, akipake mafuta kidogo. Kisha ajaribu kidole kingine na mkono mwingine. Ikiwa alama zilisoma pale mpakani, kwa kawaida kimoja kitasoma na dukani. Hina nzito kwenye ncha za vidole pia husumbua, kwa hivyo akina mama waiache sehemu hiyo wanapojipamba kwa safari.

La pili ni la kuogopwa zaidi. Kila unapoweka kidole na kikakubaliwa, muuzaji anaweza kuwa amesajili laini moja kwa jina lako. Akikuambia "haikushika, weka tena" mara ya tatu na ya nne, mwambie akuonyeshe kioo. Laini ya ziada iliyosajiliwa kwa pasipoti yako inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine, na atakalolifanya nayo litaonekana ni lako. Kwa sababu hiyo hiyo usinunue laini iliyokwisha kuwashwa kutoka kwa kijana wa njiani, hata akiiuza nusu bei. Laini hiyo ni ya mtu mwingine. Akiifunga, au akikamatwa, wewe ndiye unayebaki bila simu na ukiwa na maswali ya kujibu.

Muda wa aina tatu

Wengi huchanganya mambo kwa sababu laini moja ina tarehe tatu tofauti.

Ya kwanza ni ya bando. Ukinunua bando la wiki mbili au nne, mtandao na dakika huisha siku hiyo, lakini laini yenyewe ingali hai. Utaendelea kupokea simu, na ukiongeza salio utapiga.

Ya pili ni ya viza. Tangu 2022 viza ya umra inaruhusu kukaa hadi siku 90, badala ya 30 za zamani. Hii ndiyo inayobeba laini. Bando lako likiwa limebaki na siku kumi na viza ikaisha leo, siku hizo kumi hazikufai.

Ya tatu ni ya msimu, na hii ndiyo inayowakamata watu. Kabla ya Hija serikali ya Saudia huweka siku ambayo wenye viza ya umra wote lazima wawe wametoka, hata kama siku zao 90 hazijatimia. Mwaka 2025 siku hiyo ilikuwa 29 Aprili, sawa na mwezi mosi Dhulkaada 1446.

Tuchukue mfano wa wenda umra wawili wa mwaka huo. Wa kwanza aliingia Jida tarehe 20 Januari. Ukihesabu na siku ya kuingia, siku yake ya 90 ilikuwa 19 Aprili, kabla ya siku ya msimu, kwa hivyo alikuwa na siku zake zote. Wa pili aliingia 25 Februari ili aifunge Ramadhani Makka. Kwa hesabu ya 90 angefika 25 Mei. Lakini siku ya msimu ilimkuta akiwa na siku 64 tu. Kama alinunua bando la mwezi tarehe 20 Aprili, alilipia karibu wiki tatu asizozitumia.

Kwa hivyo, kabla ya kununua bando la pili au la tatu, muulize kiongozi wa kundi lako siku ya mwisho ya kutoka, kisha uchukue ile iliyo karibu zaidi kati ya hiyo na siku yako ya 90.

Laini inapokatwa

Kampuni husimamisha laini ya mgeni viza inapomalizika. Siku yenyewe hutofautiana kutoka kampuni moja hadi nyingine. Mara nyingi hutanguliwa na ujumbe wa kukutaka uhuishe taarifa zako. Usiupuuze kwa kuwa umeandikwa Kiarabu. Ikiwa umerudi nyumbani huna la kuhuisha, maana huna viza. Salio lililobaki usilihesabu kuwa ni mali. Litumie kabla ya kupanda ndege.

Baada ya kufungwa, namba haikai bure milele. Hurudi kwa kampuni na baadaye hupewa mteja mwingine. Huyo mteja akiiandikisha WhatsApp, ujumbe wa siri utamwendea yeye. Watu wako wakikuandikia kwa namba hiyo, watakuwa wanamwandikia yeye.

Ukienda umra tena mwaka ujao, usitoe ile kadi ya zamani sandukuni ukitarajia iwake. Viza ni mpya na muda ni mpya, kwa hivyo utasajili upya.

Aliye Saudia kwa viza ya kutembelea jamaa hali yake ni nyingine. Viza hiyo mwenyeji anaweza kuiongeza kupitia Absher. Viza ikishaongezwa, nenda na pasipoti kwenye tawi la kampuni ya simu wasome muda mpya, kwani laini inaweza kufungwa kwa tarehe ya zamani ingawa uko nchini kihalali. Viza ya umra haiongezwi kupita miezi mitatu.

Na tusiseme "laini yangu ingali inafanya kazi, basi viza ingali hai." Mtambo wa simu unaweza kuchelewa, sheria ya ukaaji haichelewi. Saudia imetangaza kuwa mwenye viza ya kutembelea atakayepitiliza muda anaweza kutozwa hadi riyali 50,000, kufungwa hadi miezi sita na kurudishwa kwao.

Namna ya kutopoteza WhatsApp

Utakapoweka laini mpya, WhatsApp inaweza kukuuliza kama umebadilisha namba. Jibu kuwa unabaki na namba ya zamani. WhatsApp haihitaji kadi iliyoko ndani ya simu ilingane na namba uliyoandikishia. Inahitaji mtandao tu. Ukiiacha kwenye namba yako ya Kenya, laini ya Saudia itakuwa ya mtandao na ya kupigia watu wa kundi, na ikifa haifi na kitu chako.

Ikiwa ulikwisha kuandikisha namba ya Saudia na programu ingali inafunguka, usiifute wala usiirudishe simu kiwandani. Weka laini ya Kenya, ingia kwenye mipangilio, kisha akaunti, kisha kubadilisha namba. Andika ya Saudia kama ya zamani na ya Kenya kama mpya. Ujumbe wa siri utakuja kwenye laini ya Kenya, na mazungumzo na makundi yatabaki. Jambo hili huwezekana hata baada ya laini ya Saudia kukatwa, mradi hujatolewa kwenye akaunti. Ukishatolewa, mlango huo umefungwa. Washa pia namba ya siri ya tarakimu sita ndani ya WhatsApp, ili atakayepewa namba yako ya zamani asiingie kwa ujumbe wa simu peke yake.

Laini ya Kenya nayo usiiache mezani Mombasa. Ujumbe wa siri wa benki na wa M-PESA huja huko. Kabla ya kuondoka, iombe kampuni yako ikufungulie huduma ya kutumia laini nje ya nchi, uulize gharama zake, na uzime mtandao wa laini hiyo ili isile salio. Simu ya kadi mbili hufaa hapa. Kama simu yako ni ya kadi moja, chukua hata kile kisimu kidogo cha vibonyezo kikae na laini ya Kenya.

Usajili ukikamilika, piga picha risiti yenye namba yako mpya, na uiandike tarehe ya mwisho ya viza nyuma ya kipande cha plastiki kilichobeba kadi. Wiki moja kabla ya tarehe hiyo ndio wakati wa kumaliza salio na kuwaambia jamaa warudie namba yako ya Kenya.