Aplikesheni, USSD au SMS: jinsi ya kuchagua huduma ya simu pale wengi wanapotumia kabambe

Ikiwa kikundi chako kinataka kuanzisha huduma ya simu kwa watu wa makazi, huenda mtu ameshapendekeza mtengeneze aplikesheni. Kabla ya kutafuta fundi wa kuitengeneza, soma makala haya. Yanaeleza jinsi ya kuchagua kati ya aplikesheni, USSD (zile menyu za kupiga nyota na reli) na SMS.

Tutatumia mfano mmoja tu. Chukulia kamati ya maji ya Kalobeyei, Kaunti ya Turkana, yenye wakimbizi na wenyeji ndani yake. Inataka mambo mawili: watu waweze kutoa taarifa bomba linapoharibika, na waambiwe maji yanaporudi ili mama asitembee na mtungi mtupu hadi bomba lililokauka.

Anza kwa kuhesabu simu

Usiulize kwenye mkutano, "Nani ana simu janja?" Mikono mingi itainuka, kwa sababu hakuna anayependa kuonekana hana. Nenda bombani asubuhi moja na daftari. Omba kuona simu yenyewe, kisha uliza maswali matatu: Simu hii ni yako au ya mtu mwingine? Ina bando leo? Huichaji wapi?

Tuseme umeongea na watu 60. Kati yao, 14 wana simu janja, 31 wana simu ya vibonyezo (kabambe), 9 hutegemea simu ya ndugu au jirani, na 6 hawana simu kabisa. Katika wale 14, watu 5 tu wana bando siku hiyo. Kwa hiyo aplikesheni inayohitaji intaneti ingewafikia watu 5 kati ya 60 asubuhi ile, wala si 14. SMS na USSD zingewafikia 45 moja kwa moja, na wengine 9 kupitia simu ya mwenzao.

Hesabu hiyo ndiyo ya kwenda nayo kwa mfadhili. Watu wenye simu janja pia hukosa bando, simu hujaa picha hadi aplikesheni mpya haiingii, na Android za zamani hukataa kufungua baadhi ya aplikesheni.

Ujumbe unatoka kwa nani kwenda kwa nani?

Baada ya kuhesabu, jiulize nani anaanza mazungumzo. SMS inafaa pale wewe unapotaka kuwaambia watu jambo. Simu ikiwa imezimwa, ujumbe husubiri kwenye mtandao kwa muda, kisha huingia simu ikiwashwa, mradi muda huo haujaisha. Ukishaingia hubaki, na mtu anaweza kumpa mwanawe amsomee.

USSD inafaa pale mtu anapotaka kukuuliza au kukupa taarifa. Anapiga namba, menyu inafunguka, anachagua 1 au 2. Haihitaji intaneti wala kuandika sentensi. Lakini huwezi kuitegemea kwa matangazo, kwa sababu menyu huishi tu wakati iko wazi kwenye kioo. Ikifungwa, hakuna kinachobaki cha kusoma baadaye.

Watu wa eneo hili tayari wanajua njia hii. M-PESA ilianza Kenya mwaka 2007 ikitumika kwenye simu za kawaida, na leo wengi hupiga *334# bila kufikiri. Bamba Chakula, ambayo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilianzisha Kakuma mwaka 2015, ilipeleka thamani ya chakula kwenye laini ya simu, na mtu hakuhitaji simu janja kuitumia. Hutaanza kuwafundisha watu kutoka sifuri.

Kwa kamati yetu ya maji, basi, taarifa za uharibifu ziingie kwa USSD, na matangazo yatoke kwa SMS. Aplikesheni inabaki na kazi moja ya maana: mafundi wawili wanaotengeneza mabomba. Hao wanahitaji kupiga picha ya kipuri kilichovunjika na kuona orodha ya kazi hata pasipo mtandao. Ni watu wawili, na bando lao linaweza kulipwa na kamati.

Kutengeneza menyu ya USSD

Kioo kimoja cha USSD hubeba herufi 182 tu, pamoja na nafasi. Usijaribu kuzimaliza, kwa sababu kwenye simu ndogo mtu atalazimika kushusha maandishi na huenda asijue kuna mengine chini. Kioo cha kwanza kinaweza kuwa hivi:

```
Maji Kalobeyei
1. Bomba limeharibika
2. Zamu ya maji leo
3. Badili lugha
```

Akichagua 1, anaulizwa Kijiji 1, 2 au 3. Kisha namba ya bomba, ambayo mmeipaka rangi kwenye nguzo. Kisha tatizo: 1 halitoi maji, 2 linavuja, 3 maji ni machafu. Kwenye seva, kampuni nyingi za kati zinazounganisha vikundi na mitandao ya simu huleta majibu yakiwa yameunganishwa kwa nyota, hivi:

```
1*2*14*1
```

Yaani: taarifa ya uharibifu, Kijiji 2, bomba namba 14, halitoi maji. Hakuna jina la mtu, wala maelezo marefu. Kila neno unalomtaka mtu aandike kwa vibonyezo ni mahali ambapo atakata tamaa.

Kuna jambo linaloangusha menyu nyingi nzuri, nalo ni muda. Mtandao hukata menyu ikiwa mtu amechelewa kujibu, na kila mtandao una kipimo chake. Kijana aliyeitengeneza humaliza upesi, akafurahi. Mpe bibi asiyeiona kila siku, ukae naye kimya, utazame saa. Menyu ikimkatikia kwenye swali la tatu, punguza maswali. Pia mwambie fundi wa programu ahifadhi kila jibu linapoingia, asisubiri la mwisho. Ukijua Kijiji 2, bomba 14, hata kama menyu ilikatika hapo, fundi ana pa kuanzia.

Nani analipa?

Hapa uliza kwa ukali kabla ya kusaini chochote. USSD inaweza kukatwa kwenye salio la anayepiga, au kulipwa na mwenye huduma. Ikiwa inakatwa kwa mpigaji, mwenye salio sufuri haifungui, na mara nyingi huyo ndiye uliyemkusudia. Usiridhike na jibu la mdomo. Chukua laini isiyo na salio, piga mwenyewe, uone.

Namba ya USSD pia hufunguliwa kwa kila mtandao peke yake. Ikifanya kazi kwenye laini ya Safaricom, usidhani itafungua kwenye Airtel. Laini ya Sudan Kusini au Ethiopia haitaifungua. Katika hesabu yako ya bombani, andika pia kila mtu anatumia laini gani, la sivyo utafungua huduma ambayo nusu ya upande mmoja wa laga hawawezi kuipata na hutajua kwa nini wamenyamaza.

Kwa SMS, anayelipa ni wewe, na gharama inaweza kupanda kwa alama moja. SMS moja hubeba herufi 160. Kiswahili kinaingia vizuri. Lakini ukiandika ujumbe kwenye kompyuta, programu hupenda kubadilisha kitone cha juu kilichonyooka (') kuwa kilichopinda (’). Kile kilichopinda hakimo katika herufi za kawaida za SMS, kwa hiyo ujumbe wote hubadilika na kubeba herufi 70 tu. Ukizidi 70, hukatwa vipande vya herufi 67. Tazama ujumbe huu:

```
Maji: bomba la ng'ambo ya laga, Kijiji 2, limetengenezwa. Zamu ya leo ni saa 9 hadi saa 11 jioni. Hatuulizi namba ya siri.
```

Una herufi 122. Ukiwa na kitone kilichonyooka ni SMS moja. Kikipinda, ni SMS mbili. Tuseme unalipa shilingi 1 kwa kila SMS na una watu 2,000: neno "ng'ambo" limekugeuzia shilingi 2,000 kuwa 4,000. Kiarabu na Kiamhari hubeba herufi 70 kwa hali yoyote, kwa hiyo bajeti ya lugha hizo ihesabiwe kando tangu mwanzo. Usiiache lugha ya watu kwa sababu ni ghali, fupisha ujumbe.

Kuhusu ile sentensi ya mwisho, iache hapo. Matapeli hutuma SMS kwa jina la mashirika. Kumbuka pia kwamba SMS inayoonyesha jina badala ya namba haiwezi kujibiwa, hivyo usiandike "jibu NDIYO" mahali ambapo jibu haliendi popote.

Simu ya pamoja na siri

Habari za bomba hazina siri. Lakini ikiwa huduma yako ni ya miadi ya kliniki au msaada kwa aliyepigwa nyumbani, rudi kwa wale watu 9 wanaotumia simu ya mwingine. SMS itasomwa na mwenye simu. USSD haiachi ujumbe, ila kwenye simu nyingi namba iliyopigwa hubaki kwenye orodha ya simu zilizotoka. Kampuni ya simu nayo inaweza kuona yanayopita katika njia zote mbili. Kwa mambo kama hayo, tuma tu "Karibu uulize ofisini" bila kutaja sababu, au usitume kabisa kwa yule ambaye hakukubali.

Vilevile, usichukulie namba ya simu kuwa ni mtu. Laini nyingi zimesajiliwa kwa jina la jirani au rafiki, na laini hubadilishwa.

Baada ya kuanza

Kila wiki tazama watu wanakomea wapi kwenye menyu. Ikiwa wengi wanafika kwenye namba ya bomba kisha wanaacha, nenda kaangalie nguzo: huenda rangi imefutika na jua. Ikiwa wenyeji hawapigi kabisa, angalia kama lugha ya Kiturkana imo na kama laini zao zinafungua namba hiyo. Kwa asiyejua kusoma, ongeza namba ya kubipu: anabipu, mtu wa kamati anampigia na kuandika taarifa mwenyewe.

Wale 6 wasio na simu wanahitaji ubao wa zamu ya maji, uliopigiliwa pale pale bombani, na mtu mmoja mwenye zamu anayeubadilisha kila asubuhi kabla foleni haijaanza.