Kukaanga kwa mafuta kidogo, kupika kwa mchuzi mdogo na kutokosa kwa moto mdogo

Njia hizi tatu za upishi hutofautishwa na kile kinachopeleka joto kwenye chakula. Katika kukaanga ni mafuta kidogo na sufuria yenyewe. Katika kupika kwa mchuzi mdogo ni mchuzi ukisaidiwa na mvuke uliofungiwa. Katika kutokosa ni maji yanayofunika chakula chote.

Nyama ya muundi wa ng'ombe hupitia mbili za kwanza. Kilo moja hukatwa vipande, hukaushwa kwa kitambaa, kisha hutiwa vichache vichache kwenye vijiko viwili vya mafuta yaliyokwisha kupata moto. Rangi ya hudhurungi na harufu yake hutokea vizuri kuanzia nyuzi 140 za Selsiasi hivi, kiwango ambacho maji hayafiki katika sufuria ya kawaida. Ndiyo maana sufuria ikijazwa mno mlio wa mafuta hufifia, nyama hutoa maji na kugeuka kijivu: hapo haikaangwi tena, inachemka.

Kwa mboga au vitunguu, kukaanga huku kunatosha. Muundi bado ni mgumu, kwa kuwa umejaa nyuzi nyeupe zinazoyeyuka polepole tu penye unyevu. Kwa hiyo hutiwa vitunguu, nyanya na maji yanayofika nusu ya kimo cha nyama, si zaidi, kisha sufuria hufunikwa. Makaa hupunguzwa au kufukiwa jivu, na nyama huachwa saa mbili hadi tatu; viazi na karoti huingia nusu saa ya mwisho. Imeiva uma unapopenya bila kukaza, na mchuzi umekuwa mzito bila unga wowote. Moto mkali hauharakishi kazi hiyo kwa faida: hukamua nyama ikakauka na kuunguza chini.

Kutokosa hakuhitaji kukaanga kwanza. Mifupa ya supu huzamishwa kabisa, maji huchemshwa, kisha moto hushushwa hadi viputo vidogo vipande kimoja kimoja, uso wa maji ukitikisika tu. Maji yakifurukuta, mafuta na povu huchanganyika na supu ikawa na ukungu.

Mwinuko wa mahali nao huathiri njia zinazotegemea maji. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko kwenye takriban nyuzi 94 badala ya 100. Molo, iliyo juu zaidi, maji huchemka chini ya hapo. Mpishi anayeongeza moto hapati maji ya moto zaidi, bali mvuke mwingi na sufuria inayokauka. Mapishi yaliyoandikwa kwa Mombasa huhitaji kuongezewa muda, hasa ya maharagwe na mifupa. Kukaanga hakuguswi sana na mwinuko, kwa kuwa joto la mafuta hutegemea moto: kitunguu hugeuka rangi Nakuru karibu upesi ule ule wa Mombasa.