Kibao cha maegesho: Soma saa kwanza, kisha 'isipokuwa'

DEREVA anayeingia Kitale au Bungoma na lori la mahindi hukutana na vibao vya maegesho vilivyoandikwa kwa Kiingereza, na kosa la kwanza hutokea anapofasiri saa. Tarakimu 8 yenye herufi AM ni saa mbili asubuhi, wala si saa nane. Tarakimu 6 yenye herufi PM ni saa kumi na mbili jioni. Anayeitafsiri kuwa saa sita huacha gari mchana akidhani marufuku imekwisha, kumbe zimesalia saa sita kamili.

Kosa la pili, ambalo ndilo gumu zaidi, limo katika neno lenye maana ya "isipokuwa". Tuchukue mfano wa kibao kinachosema: marufuku kuegesha, Jumatatu hadi Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, isipokuwa kupakia na kupakua, saa nne hadi saa sita mchana.

Hapo pana saa za aina mbili. Za kwanza ni za marufuku, na za pili ni za ruhusa iliyo ndani ya marufuku hiyo. Lori likifika Jumamosi saa tano na magunia yakaanza kushushwa papo hapo, halina kosa. Likifika saa nane mchana limevunja amri, hata kama magunia yanashushwa. Likifika saa tano lakini dereva akafunga mlango na kwenda kunywa chai, limepoteza ruhusa, kwa kuwa ruhusa hiyo ni ya kazi, si ya aina ya gari. Kwa sababu iyo hiyo, gari dogo linaloshusha mzigo halitengwi, maadamu kibao hakikutaja malori pekee.

Jumapili nayo haimo katika marufuku hiyo. Sikukuu je? Ikiwa kibao hakikuitaja, sikukuu inayoangukia Jumatano ingali Jumatano, na ni salama zaidi kuisoma hivyo.

Kuna vibao vinavyogeuza mambo. "Marufuku kuegesha isipokuwa Jumapili" humfungulia kila mtu siku hiyo moja. "Maegesho ya teksi pekee" hayamwachii mwingine nafasi yoyote, hata ikiwa tupu.

Jambo jingine husahaulika. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti usimamizi wa maegesho, na ada hutozwa chini ya sheria za kaunti, Trans Nzoia kwa Kitale na Bungoma kwa mji wake. Kutokatazwa na kibao si kusamehewa ada. Gari lililoegeshwa kihalali laweza kufungwa gurudumu kwa kukosa malipo.

Panapotokea ubishi, piga picha ya kibao na gari pamoja, saa ikionekana, kabla ya kulipa faini. Picha ya kibao peke yake haionyeshi ulikuwa upande gani wa mshale.